Toti 12 Zilizopotea Ijumaa

Mwenye baa alikuwa ameshaamua kabla sijafika. Vodka yake inaisha haraka kuliko pesa zinavyoingia, kwa hiyo kijana wa kaunta ni mwizi. "Kaka, wewe nihesabie tu," aliniambia, "nipate ushahidi nimfukuze." Ni baa ya kawaida ya Dar es Salaam, meza kama ishirini, kaunta moja, nyama choma kwa nyuma. Mimi nilisimama kaunta miaka kadhaa kabla ya kuanza kazi ya kuhesabia watu stoo, na nimeona vijana wengi wakifukuzwa kwa ushahidi wa namna hiyo. Nikamwomba Ijumaa moja.

Bia hatukuzigusa. Chupa ya bia ni kipimo chenyewe: imefungwa kiwandani, inafunguliwa mbele ya mteja, na asubuhi unahesabu kreti na kulinganisha na mauzo. Hata viroba, kabla havijapigwa marufuku Tanzania mwaka 2017, havikuwa na ubishi kwa sababu hiyo hiyo. Pesa za baa hupotelea kwenye chupa inayofunguliwa na kumiminwa kidogo kidogo, maana hapo kipimo kiko mkononi mwa mtu.

Kuangalia chupa kwa jicho na kusema "hii imebaki nusu" hakusaidii. Shingo ni nyembamba, kitako kina unene wake, na kila mtu ana nusu yake. Tulitumia mizani ya jikoni, ile ya kidijitali ya kupimia unga. Tulipima chupa tupu ya vodka ile ikaja gramu 500. Vodka ni nyepesi kidogo kuliko maji. Ile yenye kilevi asilimia 40 huwa na gramu 0.95 hivi kwa kila mililita. Kwa hiyo unapima chupa iliyofunguliwa, unaondoa uzito wa chupa tupu, kinachobaki unagawa kwa 0.95, na unapata mililita zilizomo. Pombe tamu zenye sukari nyingi ni nzito zaidi na namba hiyo haizifai. Hizo pima chupa iliyojaa, ondoa uzito wa tupu, gawa kwa ujazo ulioandikwa kwenye lebo, na utapata namba yake.

Ijumaa saa kumi jioni kaunta ilikuwa na chupa nne zilizofungwa za mililita 750 na moja iliyofunguliwa yenye 390. Jumla mililita 3,390. Baada ya kufunga usiku tukakuta chupa moja haijafunguliwa na nyingine ina 200. Imetumika 2,440. Bili zilionyesha toti 38, na toti ya pale ni mililita 30, pamoja na dawa 14 zenye toti mbili mbili. Hiyo ni 1,980. Daftari la kumwagika, ambalo nilimlazimisha kijana alianzishe jioni ile ile, lilikuwa na mistari miwili: dawa moja iliyoangushwa na mhudumu, toti moja iliyopelekwa meza isiyoiagiza. Ongeza 90, inakuwa 2,070.

Mililita 370 hazikuonekana. Ni toti 12, karibu nusu chupa, usiku mmoja.

"Si nilikwambia?" mwenye baa alisema. Toti anauza shilingi 6,000, akazidisha haraka: 72,000. Hapo ndipo nilipomsimamisha, kwa sababu hesabu hiyo ni sahihi ikiwa tu pombe ile iliuzwa bila bili. Kama ilimiminwa kwa kuzidisha ndani ya bilauri za wateja waliolipa, hasara ni bei ya kununulia. Chupa ananunua 36,000, yaani shilingi 48 kwa mililita, hivyo 370 ni kama shilingi 17,760. Ni hasara pia, lakini ni ugonjwa mwingine, na kumfukuza mtu si tiba yake.

Utajuaje ni upi? Wizi huwa na mruko: zamu hii ipo, ile haipo, chupa za bei zinapungua, za rahisi ziko sawa. Mkono mzito huenda sambamba na mauzo, kwenye kila chupa inayoshikwa na mtu yule yule. Na kuna jaribio la dakika mbili. Nilichukua chupa tupu ya vodka, nikaijaza maji, nikachomeka kile kimdomo cha chuma cha kumiminia, nikamwambia kijana anitolee toti tano kwenye bilauri tofauti kama anavyofanya siku zote. Maji hayana hesabu ya kuumiza kichwa, gramu moja ni mililita moja. Toti tano zilitakiwa kuwa gramu 150. Mizani ilisoma 176.

Alikuwa anazidisha mililita tano na kidogo kila toti. Usiku ule alimimina toti 69, ukihesabu zile za kwenye dawa na za daftari la kumwagika, na 69 mara tano na kidogo ni kama 359. Kati ya zile 370 ilibaki pengo la mililita 11, haifiki hata toti moja. Kijana alikuwa amesimama pembeni anafuta bilauri ambayo ilishakauka zamani.

Aliwahi kuwa na kipimo cha chuma, kile chenye vikombe viwili vilivyogeuziana migongo. Kilipotea, hakuna aliyenunua kingine, akabaki anahesabu kichwani: moja, mbili, tatu, anainua chupa. Wapo wanaoweza kumimina hivyo kwa usahihi, lakini hujipima kila wiki. Kimdomo kina kitundu cha kuingiza hewa. Kikishika sukari pombe hutoka polepole, kikioshwa hutoka kwa kasi, na hesabu yako ya tatu haijui tofauti. Halafu wapo wateja. "Niongezee kidogo, mdogo wangu," mteja anasema akiwa ameshika noti ya elfu mbili. Ile bakshishi inaingia mfuko wa kijana, na anayeilipia nyongeza ni mwenye baa.

Dawa yenyewe ina mtego wake. Barafu ikiwa chache bilauri inaonekana pungufu, na mkono unaenda kwenye chupa kuijaza. Bilauri fupi iliyojaa barafu iliyopondwa huzuia hilo bila mtu kugombezwa.

Tulinunua vipimo viwili vipya, na kabla ya kuvitumia nikavipima kwa maji. Kimoja kilichoandikwa 30 kilibeba gramu 33 kikijazwa hadi ukingoni, tukakirudisha dukani. Watu wengi hawafanyi hivi, wanadhani chuma hakidanganyi. Kipimo kikiwa pungufu ni mbaya zaidi, maana hapo anayeibiwa ni mteja, na hilo ni neno la kuongea na Wakala wa Vipimo.

Basi nikadhani kazi imekwisha, mpaka nilipouliza bei ya dawa. Shilingi 12,000. Nikauliza aliipataje. "Vodka ya ndani ni 2,880. Hiyo ni robo ya bei, si ndiyo mnavyotaka?" Kweli wengi wetu tunalenga kwamba kilichomo kwenye bilauri kisizidi robo ya bei, au kisogee juu yake kidogo. Tatizo ni kwamba alikuwa amehesabu vodka peke yake.

Dawa, ambayo imepata umaarufu mkubwa kupitia mgahawa wa Carnivore wa Nairobi, ni ndugu wa kaipirinya ya Brazil: pombe, ndimu, sukari, barafu, na hapa kwetu asali inayovingirishwa kwenye kijiti. Tukaketi na risiti zake za sokoni. Ndimu moja 200. Asali 360. Sukari 30. Barafu 200. Kijiti 50. Ukijumlisha na vodka inakuwa 3,720, na ukiongeza asilimia tano ya zinazomwagika na kurudiwa inafika kama 3,900.

Bei nayo ilihitaji kupunguzwa kwanza. Baa yake imesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18, na imo ndani ya ile 12,000 aliyoiandika kwenye menyu. Gawa kwa 1.18, inabaki 10,169. Hiyo ndiyo pesa yake. Iliyobaki anaishikia serikali. Weka 3,900 juu ya 10,169, unapata asilimia 38, na si ile 24 aliyokuwa akiishi nayo. Ukitia na mkono mzito wa kijana inagonga 43.

Kulikuwa na ushahidi mwingine kwenye menyu yenyewe ambao hauhitaji hata kalamu. Toti 6,000, dawa yenye toti mbili 12,000. Yaani ndimu, asali, barafu na dakika tatu za kuponda na kukoroga zilikuwa zinatolewa bure.

Ili kurudi kwenye robo bila kugusa kilichomo, bei ingepaswa kuwa zaidi ya 18,000. Wateja wake wasingekubali, na mimi nisingewalaumu. Tukaangalia kilichomo. Dawa yenye mililita 45 bado ina nguvu ya kutosha, na kwa maoni yangu ni tamu zaidi, asali inasikika. Vodka inashuka hadi 2,160, gharama yote pamoja na ile asilimia tano inakuwa 3,150. Kwa bei ya 15,000, baada ya kodi ni 12,712, na tumerudi kwenye robo. Nilimsisitizia aandike "mililita 45" kwenye menyu, mteja ajue anachonunua. Hesabu hii ina uhai mfupi. Ndimu zikiadimika na moja ikafika 500, inafanywa upya.

Akachangamka, akataka kufuta kokteli ya pombe tatu za nje ambayo inagharimu 8,000 na kuuzwa 26,000, kwa kuwa gharama yake ni asilimia 36. Nikamzuia. Baada ya kodi inabaki na shilingi 14,000 baada ya gharama, dawa mpya inabaki na 9,500, toti 3,600. Asilimia inakuonyesha penye uvujaji, lakini mshahara wa kijana haulipwi kwa asilimia.

Nilimwambia pia kitu ambacho mizani haitakiona. Mtu akileta chupa yake kutoka nje na kuiuza kaunta, stoo yote itakuwa sawa, mauzo tu ndiyo yatashuka. Ndiyo maana kila chupa sasa inawekwa alama yake inapotoka stoo, na mpya haitoki mpaka tupu yenye alama irudi.

Ijumaa iliyofuata zilipungua mililita 70. Kipimo kilitumika, tulikipima tena, kiko sawa. Mwenye baa alimwita kijana, akamwuliza mbele yangu. Kijana hakujibu, akamsogezea daftari la kumwagika na kalamu. Mama akalitazama muda, akacheka, akaandika mwenyewe: toti mbili, ofa, shemeji.