Taa ya Manjano Kwenye Paneli ya Moto

Kwenye mapokezi ya majengo mengi ya ofisi, Dar es Salaam au Mombasa, kuna sanduku la chuma ukutani lenye safu ya vitaa. Hiyo ndiyo paneli ya kengele ya moto. Kitaa cha kijani kinasema umeme upo, na chekundu kinasema kuna moto. Cha manjano ndicho kinachopuuzwa. Kikiwaka, paneli hulia kimlio chembamba, mlinzi hubonyeza kitufe cha kunyamazisha, na taa huachwa ikiwaka wiki baada ya wiki hadi watu wanaizoea.

Taa hiyo haisemi kuna moto. Inasema paneli imegundua kwamba nyaya zake si nzima. Maneno mawili hujitokeza kuliko mengine: OPEN CIRCUIT, yaani njia ya umeme imekatika mahali, na EARTH FAULT, yaani waya mmoja umegusana na ethi ya jengo. Kila moja lina hatari yake, na kila moja hutafutwa kwa namna yake.

Tuanze na jinsi paneli inavyojua. Katika mfumo wa kawaida, ule ambao haumtambui kila kihisi kwa namba yake, jengo hugawanywa katika zoni, mara nyingi zoni moja kwa kila ghorofa. Nyaya mbili hutoka kwenye paneli, zikapita kihisi moshi cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho. Pale mwisho hufungwa rezista ndogo, tuseme ya omu 4,700. Kiwango hutofautiana kati ya paneli na paneli, kwa hiyo fundi husoma kitabu chake kwanza. Paneli hupeleka takriban volti 24 kwenye nyaya hizo, na umeme kidogo sana hupita kwenye rezista na kurudi muda wote. Kihisi kikinusa moshi huvuta umeme mwingi zaidi, na paneli hupiga king'ora. Waya ukikatika, umeme haurudi kabisa, na taa ya manjano huwaka.

Hapa ndipo penye hatari ya OPEN CIRCUIT. Waya ukikatika baada ya kihisi cha sita katika zoni yenye vihisi kumi na viwili, sita vya mbele vinaendelea na kazi, lakini sita vya nyuma vimekufa. Vyumba vile vinaweza kujaa moshi na paneli isijue. Katika mifumo mipya ambayo waya huzunguka jengo na kurudi kwenye paneli, yaani lupu, mambo ni nafuu kidogo: lupu ikikatika mahali pamoja, paneli hulisha vihisi kutoka ncha zote mbili, na kwa kawaida skrini hutaja namba za vihisi ambavyo mkato uko kati yake. Ikikatika mahali pawili, vilivyo katikati hupotea.

EARTH FAULT ni ya hila zaidi, kwa sababu mfumo mzima huendelea kufanya kazi. Nyaya za kengele ya moto hazitakiwi kugusa ethi, si waya chanya wala hasi. Mmoja ukigusa, hakuna kinachozimika. Lakini siku waya wa pili utakapogusa ethi mahali pengine, hata kama ni ghorofa nyingine, nyaya hizo mbili zitakuwa zimeunganishwa kupitia chuma cha jengo. Hapo zoni inaweza kufa, au king'ora kikalia saa nane usiku bila moshi wowote.

Tuchukue mfano wa jengo la ofisi la ghorofa nne karibu na bahari. Paneli inaonyesha EARTH FAULT, lakini fundi anapofika asubuhi taa imezimika. Anaondoka. Mchana inawaka tena. Jambo la busara hapa ni kusoma kumbukumbu za paneli, au daftari la mapokezi, kabla ya kugusa waya wowote. Zinaonyesha kwamba hitilafu huingia kati ya saa nne na saa tano asubuhi, hutoka usiku, na Jumapili haionekani kabisa. Mvua haifuati saa za ofisi. Kiyoyozi kinazifuata. Fundi mwenye uzoefu anaanza kukisia hapo hapo, ila bado anapaswa kuthibitisha, na lazima aje mchana hitilafu ikiwepo. Ukiitafuta wakati imelala, utafungua kila kihisi na hutaona kitu.

Kabla ya kazi, wenye jengo hujulishwa, ving'ora na laini ya kuita zimamoto hufungwa kwa muda, na mtu huwekwa kuzungukia ghorofa zitakazokosa ulinzi. Ndani ya sanduku kuna umeme wa njia kuu, kwa hiyo kazi hii si ya mlinzi wala ya mpangaji mwenye bisibisi.

Fundi anaweka mita kwenye volti na kupima kutoka kila upande wa betri hadi kwenye ethi. Mfumo ukiwa mzima, katika paneli nyingi volti za pande mbili hukaribiana. Hapa upande chanya unasoma 25 na upande hasi unasoma 2 tu. Maana yake ni kwamba waya hasi, mahali fulani, umevutwa kwenye ethi. Kisha anachomoa zoni moja moja, waya zote mbili kwa pamoja, na kuweka rezista ya akiba mahali pake ili paneli isije ikaongeza malalamiko ya OPEN CIRCUIT juu ya yale yaliyopo. Baada ya kila zoni anasubiri. Kiwango cha Ulaya cha EN 54-2 kinaipa paneli hadi sekunde 100 kutangaza hitilafu, na paneli nyingi huchukua muda pia kuifuta. Asiye na subira atachomoa zoni ya tatu, hataona badiliko, atahamia ya nne, na taa itakapozimika ataishtaki ya nne. Anayetazama mita badala ya taa huona mara moja: akichomoa zoni ya tatu, ile 2 inapanda.

Sasa ana zoni yenye vihisi kumi na viwili juu ya dari. Kufungua vyote mfululizo ni kupoteza siku. Anakwenda katikati, kihisi cha sita, anakitoa kwenye kitako chake na kutenganisha nyaya zinazoingia na zinazotoka. Mita sasa iko kwenye omu, na anapima kila waya dhidi ya ule waya wa ethi ulio wazi ndani ya kebo. Nusu ya kwanza, kuelekea paneli, haisomi kitu: ni safi. Nusu ya pili inasoma takriban omu 8,000 kwenye waya hasi na karibu 12,000 kwenye waya chanya. Usomaji huu huwachanganya wengi, wakadhani nyaya zote mbili zimeharibika. Lakini mwisho wa laini kuna rezista inayoziunganisha, na tofauti ya namba mbili hizo inakaribia omu zake 4,700, ikipunguzwa kidogo na vihisi vyenyewe. Wenye namba ndogo ndio uliogusa ethi. Mwingine unasoma kupitia rezista.

Anagawanya tena kwenye kihisi cha tisa. Upande wa saba hadi tisa ni safi, uvujaji uko mbele. Kihisi cha kumi na moja kiko kwenye korido, chini ya bomba la maji ya kiyoyozi. Anapokifungua, kitako kina unyevu, skrubu ya waya hasi imeota kutu ya kijani, na waya wa ethi ulioachwa bila kufunikwa umelala karibu yake. Maji yaliyochanganyika na chumvi ya hewa ya pwani yamejenga daraja kati ya vitu viwili hivyo. Viyoyozi vikiwashwa asubuhi, bomba hutoa jasho na kudondosha. Usiku dari hukauka, na hitilafu hutoweka.

Matengenezo yake ni kukata sehemu ya waya iliyooza, kuuvika waya wa ethi mrija wa plastiki, kubadilisha kitako na kihisi, halafu kulifunika bomba vizuri lisitoe jasho. Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu fundi wa kengele husema bomba si lake, na fundi wa viyoyozi haitwi.

Nionye jambo moja kuhusu vifaa. Kuna kipimo cha kupima ubora wa kebo kinachotuma volti 500. Kisitumike kwenye laini yenye vihisi, kwa sababu kinaweza kuziunguza elektroniki zake. Kebo ipimwe hivyo ikiwa tupu tu.

OPEN CIRCUIT hutafutwa kwa kugawanya vilevile, ila rezista yenyewe ndiyo inakuwa chombo cha kutafutia. Fundi huitoa rezista ya mwisho, huifunga kwenye kihisi cha sita na kuziachanisha nyaya zinazoendelea mbele. Paneli ikitulia, mpaka hapo njia ni nzima, na mkato uko baada ya cha sita. Anasogea hadi cha tisa, na kuendelea. Vipimo vitatu au vinne vinamaliza laini ya vihisi kumi na viwili. Lakini kabla ya hapo azunguke atazame kwa macho tu, maana kisa cha kawaida ni mchoraji wa kuta aliyekitoa kihisi asikichafue na rangi, akakiacha juu ya kabati.

Njia hii ina uovu wake inapoangukia mikono isiyo mwaminifu. Rezista ikifungwa pale pale kwenye paneli, na laini nzima kuachwa nje, taa ya manjano huzimika papo hapo. Mteja analipa, na ghorofa nzima imebaki bila kihisi hata kimoja. Kwa EARTH FAULT, mwenzake ni yule anayekata kiungo cha ndani kinachopima ethi: hitilafu ipo, ila paneli haiioni tena. Nimeona yote mawili yakiitwa matengenezo, na kwa maoni yangu ni afadhali taa iendelee kuwaka kuliko kuzimwa hivyo, kwani taa inayowaka angalau inasema kweli.

Mwenye jengo anaweza kujilinda bila kujua umeme. Kabla ya kulipa, amwombe fundi apulize moshi wa majaribio, ule wa kopo, kwenye kihisi cha mwisho kabisa cha zoni iliyotengenezwa, mwenyewe akiwa amesimama pale. Paneli ikiitika kwa taa nyekundu ya zoni hiyo, njia nzima kutoka paneli hadi pale inafanya kazi. Kisha fundi akitoe kihisi kilekile: taa ya manjano iwake, na akikirudisha, izimike.