Nambari Niliyotoa ya Kuletewa Mzigo

Tuseme mteja ameagiza dera la shilingi 1,500 kutoka duka moja la Nakuru. Mwenye duka anamwomba jina, nambari ya simu na mahali pa kupelekewa. Hayo matatu yanamtosha mtu wa bodaboda kuufikisha mzigo, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 haiyakatazi. Nambari ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa hazihitajiki hapo. Akiziandika daftarini, amechukua asichokuwa na kazi nacho.

Shida huanza wiki mbili baadaye, nambari ile inapohamishiwa kwenye orodha ya watu wa kutumiwa ofa. Wauzaji wengi huamini kwamba mteja akishanunua, basi amekubali. Hajakubali! Alitoa nambari ili aletewe dera lake. Kifungu cha 37 kinataka ridhaa ya wazi kabla ya taarifa za mtu kutumiwa kibiashara, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu. Na kifungu cha 32 kinamtwika mwenye duka kazi ya kuthibitisha kwamba aliipata ridhaa hiyo. Kusema “aliniambia sawa” hakumfikishi mbali.

Njia yenyewe si ngumu. Kwenye fomu ya oda uwekwe mstari wa peke yake: “Nakubali kutumiwa habari za nguo mpya kwa SMS.” Kisanduku kibaki tupu, mteja akitie alama mwenyewe, na asipokitia bado auziwe dera. Kisha kando ya nambari yake iandikwe tarehe aliyokubali na maneno aliyoyakubali.

Siku moja atachoka na kujibu STOP. Hapa hata wauzaji waangalifu huteleza. Mwenye duka anaifuta nambari kabisa, kwa nia njema. Mwezi Desemba msaidizi wake anafungua faili la zamani la Excel, anapakia wateja wote, na yule aliyekataa anapokea ofa tena. Dawa ni kuibakiza nambari hiyo tupu, bila jina wala historia ya manunuzi, katika orodha ya wasiotumiwa, na kila faili lipitishwe hapo kabla ya ujumbe kutoka.

Picha nazo ni taarifa za mteja. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake.

Ukipokea ofa usiyoiomba, jibu kwa kuuliza: mliipata wapi nambari yangu, na nilikubali lini? Ni haki yako kujua. Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwenye ofisi hiyo, ambayo sheria imeipa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza. Hifadhi ujumbe wenyewe, na ile STOP uliyotuma, pamoja na tarehe zake.