Bei ya "mpaka Mhunze" haisemi hasara ni ya nani

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, akiagiza saruji Dar es Salaam huuliza bei na siku ya kufika. Mfuko ukilowa njiani ni wa nani, hilo huulizwa turubai likishafunguliwa.

Tuseme semi imepakia tani 30, yaani mifuko 600 ya kilo 50. Shinyanga mjini mzigo unahamishiwa kwenye Fuso mbili, maana semi haiingii uwanja wa duka. Mhunze, mifuko 40 inakutwa imeganda. Kwa bei ya mfano ya shilingi 18,000, zimepotea shilingi 720,000. Muuzaji anasema alipakia salama, dereva wa semi anasema alikabidhi salama, na mwenye Fuso anaonyesha risiti iliyoandikwa "mzigo kwa hatari ya mwenyewe".

Wengi hudhani aliyelipa nauli ndiye mwenye hasara. Sivyo. Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, kama hamkukubaliana vingine, hatari hufuata umiliki. Na muuzaji anayetakiwa kupeleka mzigo, akiukabidhi kwa msafirishaji, kwa kawaida huhesabiwa amekwisha kumkabidhi mnunuzi. Kwa hiyo mifuko ile huenda ilikuwa ya mtu wa Mhunze tangu getini kiwandani, hata kama nauli ilikuwa ndani ya bei.

Maneno "kama hamkukubaliana vingine" ndiyo nafasi ya mnunuzi, na huitumia kabla ya kulipa. Barua haihitaji urefu:

"Ndugu Meneja Mauzo, kuhusu oda yetu ya mifuko 600, tunaomba mtuthibitishie kwa maandishi nani anabeba upotevu au uharibifu: wakati wa kupakia, njiani hadi Shinyanga, wakati wa kuhamishia kwenye Fuso, kutoka hapo hadi Mhunze, na wakati wa kushusha. Tunapendekeza hatari iwe yenu mpaka tutakapohesabu na kusaini dukani."

Muuzaji akikataa kipande cha Fuso, si ubaya. Mara nyingi gari hilo umelitafuta wewe. Lakini basi hesabu ifanyike Shinyanga, mfuko kwa mfuko, na mifuko mibovu iandikwe kwenye hati ya makabidhiano kabla ya saini. Saini isiyo na maelezo itakugeukia.

Saruji yenyewe nayo husema. Mfuko uliolowa saa chache zilizopita bado una unyevu; uliokwisha kuwa jiwe ulilowa mapema zaidi. Mabonge yanayovunjika kwa vidole aghalabu hutokana na kukandamizwa ghalani, si mvua.

Mwulize pia muuzaji nani amekata bima ya mzigo, na akupe nakala. Bima ndogo ya gari, ile ya kulinda watu wengine, hailipi saruji iliyobebwa.