Kampuni ikifilisika, mshahara hulipwa lini?

Nchini Kenya, kampuni inapofilisiwa, malipo hufuata zamu iliyowekwa na Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Benki iliyowekewa rehani jengo au mashine hujilipa kwanza kwa kuuza mali hiyo, na hapo ndipo wafanyakazi wengi huumia, kwani kinachobaki huwa kidogo. Katika masalio, gharama za mfilisi hutangulia, kisha wafanyakazi, halafu kodi fulani za serikali.

Hata hivyo, kipaumbele cha mshahara kina mpaka: ni malimbikizo ya miezi 4 kabla ya ufilisi kuanza, na jumla isizidi shilingi 200,000 kwa kila mfanyakazi, pamoja na malipo ya likizo na ya kupunguzwa kazini. Tuseme fundi wa shilingi 60,000 kwa mwezi anadai miezi 6, yaani 360,000. Miezi 4 ni 240,000, lakini zenye kipaumbele ni 200,000 tu. Zile 160,000 zinasubiri pamoja na madai ya wauzaji bidhaa wasio na dhamana, ambao mara nyingi hawaambulii kitu. Fedha zisipowatosha wafanyakazi wote, hugawanywa kwa uwiano wa madai yao.

Anayedai awasilishe dai lake kwa mfilisi mapema, pamoja na hati za mshahara.