Sheria Ilifanya Kazi, Hesabu Ikasema Sifuri

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, majimbo mengi ya Marekani yalimruhusu mwanandoa kuvunja ndoa bila ridhaa ya mwenzake, kila jimbo kwa wakati wake. Je, wanawake waliojiua walipungua? Mwaka 2021 mchumi Andrew Goodman-Bacon alitumia mfano huo kuonyesha kasoro ya hesabu iliyozoeleka, inayotenga tofauti za kudumu za majimbo na mabadiliko ya kila mwaka yanayoyakumba yote.

Tuchukue majimbo mawili ya kubuni. La kwanza linabadili sheria mwaka wa pili. Vifo vyake ni 50, 48, 44. La pili linabadili mwaka wa tatu: 50, 50, 48. Sheria imeokoa watu kotekote. Mwaka wa pili, ulinganisho ni halali: la kwanza limeshuka kwa 2, la pili halijasogea. Mwaka wa tatu mambo yanaharibika. La pili limeshuka kwa 2, lakini analinganishwa naye ni la kwanza, ambalo bado linashuka, tena kwa 4. Basi sheria inaonekana imeongeza vifo 2! Hesabu inachanganya punguzo la 2 na ongezeko la 2, jibu linakuwa sifuri.

Athari ingetokea mara moja na kubaki palepale, kosa hili lisingekuwapo. Brantly Callaway na Pedro Sant'Anna wanapendekeza kulinganisha na ambao sheria haijawafikia tu. Hapa, mwaka wa tatu hawapo. Athari yake haipimiki.