Mfuatano Unaovuka Kila Mpaka

Chukua namba nzima yoyote, uiite n. Izidishe kwa yenyewe, kisha gawanya jibu kwa n iliyoongezwa moja. Ukianza na 1 unapata nusu. Kwa 2 unapata 1.33, kwa 3 unapata 2.25, kwa 10 unapata 9.09, na kwa 100 unapata 99.01. Huu ndio mfuatano unaoandikwa n²/(n + 1), na yeyote akiutazama atasema unapanda tu bila mwisho. Amesema kweli. Lakini amejuaje?

Sitaki ubishi wa bure. Tazama mfuatano mwingine, 1000n/(n + 1). Nao hupanda kila hatua: 500, kisha 666.67, kisha 750, na kwa n ya 10 umeshafika 909.09. Mtu aliyeona hatua kumi za mwanzo ataapa kwamba huu ndio usiokamatika. Kumbe hautafika 1000 kamwe, kwa kuwa n siku zote ni ndogo kuliko n + 1. Basi kupanda peke yake si ushahidi. Kikokotoo nacho hakimalizi kazi, maana kinajibu kwa zile namba chache tu tulizokiuliza.

Waliosoma vikomo wataikumbuka epsiloni, herufi ya Kigiriki ε, inayosimama badala ya umbali mdogo upendao. Mfuatano unaokaribia namba fulani lazima, kuanzia hatua fulani N, ukae ndani ya umbali huo. Mfuatano wetu hauna namba ya kuukaribia, kwa hiyo ε inampisha M, mpaka mkubwa upendao. Tunasema mfuatano unakwenda bila mpaka ikiwa kwa kila M utakayotaja, ninaweza kukuonyesha hatua N ambayo kuanzia hapo wanafuatano wote, bila kubakiza hata mmoja, wako juu ya M.

Zingatia nani anatangulia kusema. Wewe unataja M kwanza, mimi ndipo natafuta N. Ningeruhusiwa kuona N yangu kabla ya mpaka wako, au kuchagua mpaka mwenyewe, nisingekuwa nimethibitisha kitu. Yale maneno “bila kubakiza hata mmoja” nayo yana uzito. Mfuatano 1, 0, 2, 0, 3, 0 unavuka kila mpaka, lakini kila mara unarudi chini hadi sifuri, kwa hiyo hautimizi sharti letu.

Sasa tuingie kazini. Zitazame tena namba zetu: 3 ilitoa 2 na ziada, 10 ikatoa 9 na ziada, 100 ikatoa 99 na ziada. Sababu iko wazi ukizidisha. 9 ni 2 × 4 ukiongeza 1. 100 ni 9 × 11 ukiongeza 1. 10,000 ni 99 × 101 ukiongeza 1. Kwa jumla, n² = (n − 1)(n + 1) + 1. Gawanya pande zote kwa n + 1 upate:

n²/(n + 1) = n − 1 + 1/(n + 1)

Kile kipande cha mwisho ni kidogo, lakini daima ni zaidi ya sifuri. Kwa hiyo n²/(n + 1) ni kubwa kuliko n − 1. Wewe taja M, nami nitachagua N iwe namba nzima isiyopungua M + 1. Kila n kuanzia N na kuendelea ina n − 1 isiyopungua M, na mfuatano wenyewe unazidi hapo. Uthibitisho umekwisha.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuandika kwamba n²/(n + 1) ni ndogo kuliko n, halafu akasema kwa kuwa n inakua, mfuatano nao unakua. Ile ya kwanza ni kweli, ila haisaidii: kuwa chini ya kitu kinachopaa hakukuzuii kubaki pale pale. Tunahitaji kitu kilicho chini yetu kinachotusukuma juu. Si lazima kiwe n − 1. Kwa kuwa n + 1 haizidi 2n, mfuatano haupungui n/2, na N yoyote inayozidi 2M inatosha. Kwa M ya 100 njia hiyo inadai N ya 201, ilhali ya kwanza inaridhika na 101. Zote mbili ni sahihi, kwa sababu hakuna aliyetuomba N ndogo kuliko zote.

Lakini n − 1 inapendeza kwa jinsi inavyobana. Taja mpaka wa 1,000,000. Kwa n ya 1,000,000 mfuatano uko 999,999 na chembe, bado haujavuka. Ongeza hatua moja tu, nao unavuka kwa 1/1,000,002.