Kutoa kwa Kujumlisha

Kutoa 275 katika 643 kwa njia ya darasani hukwama mwanzoni kabisa: 3 haitoshi kutolewa 5, hivyo mamoja hukopa kwa makumi, na makumi nayo yakishapungua hukopa kwa mamia. Ipo njia nyingine inayofikia jibu lilelile bila kukopa popote. Badala ya kutoa 275, hujumlishwa kijalizo chake cha kumi, kisha tarakimu moja hufutwa.

Kijalizo hicho ni kiasi kinachohitajika ili 275 itimie 1000, yaani 725. Kukitafuta kwa kutoa 275 katika 1000 kungerudisha mikopo ileile, kwa hiyo kila tarakimu hutolewa peke yake katika 9. Badala ya 2 huandikwa 7, badala ya 7 huandikwa 2, na badala ya 5 huandikwa 4. Hakuna tarakimu inayozidi 9, basi hakuna wa kukopa. Hiyo 724 huitwa kijalizo cha tisa; ikiongezwa 1, hupatikana 725.

643 na 725 ni 1368. Ile 1 ya maelfu hufutwa na jibu hubaki 368. Kufuta huko kuna sababu: anayejumlisha 725 ametoa 275 na kuongeza 1000 kwa mkupuo mmoja, na 1000 hiyo ndiyo inayoondolewa mwishoni.

Ikiwa namba inayotolewa ni kubwa zaidi, hakuna 1 inayojitokeza kwenye maelfu. Kwa 275 kutoa 643, kijalizo cha 643 ni 357, na jumla ni 632 tu. Kukosekana kwa ile 1 ndiko kunakoonyesha kwamba jibu ni hasi, na kwamba 632 yenyewe ni kijalizo. Ikigeuzwa kwa hatua zilezile, jibu linasomeka −368.

Wengi hukosea pale namba mbili zisipolingana kwa urefu. Katika 643 kutoa 75, mtu huchukua kijalizo cha 75 kuwa 25 na kupata 668, jibu ambalo ni kubwa kuliko namba aliyoanza nayo. Ilibidi 75 iandikwe 075 kwanza. Kijalizo chake kingekuwa 925, jumla 1568, na jibu 568.

Njia hii ilizifaa mashine kabla ya umeme. Blaise Pascal, aliyeanza kubuni mashine yake ya hesabu nchini Ufaransa mwaka 1642, alikuwa na magurudumu yanayozunguka upande mmoja tu. Yaliweza kujumlisha, lakini hayakuweza kurudi nyuma. Kutoa kulifanywa kwa vijalizo vya tisa, vilivyoandikwa kwenye mashine sambamba na tarakimu za kawaida.

Kompyuta hufanya hivyohivyo katika kizio cha mbili, chenye tarakimu 0 na 1 pekee. Hapa nafasi ya 9 huchukuliwa na 1, na kutoa tarakimu katika 1 ni kuigeuza tu: 0 huwa 1, na 1 huwa 0. Katika kizio cha kumi bado kulikuwa na utoaji mdogomdogo; hapa hata huo umetoweka. Kwa biti 8, hesabu ya 100 kutoa 37 huenda hivi:

```
 37          00100101
kugeuza      11011010
kuongeza 1   11011011
100        + 01100100
           1 00111111
```

Ile 1 ya kushoto, yenye thamani ya 256, hudondoka yenyewe kwa kuwa haina biti ya kuibeba. Zinazobaki ni 63. Ndani ya mashine, 1 ya kuongeza huingizwa moja kwa moja kwenye nafasi ya kwanza ya kijumlishi, hivyo sakiti moja hujumlisha na kutoa.

Namba hasi hazihitaji alama ya pekee. Biti ya kushoto ikiwa 1, namba ni hasi. Ndiyo maana biti 8 hubeba kuanzia −128 hadi 127. Katika tarakimu tatu za kizio cha kumi, mpaka huohuo huangukia 500: kuanzia 500 hadi 999 husomeka −500 hadi −1. Nafasi hizo zina kikomo. 100 na 50 katika biti 8 husomeka −106, kama vile 300 na 400 zinavyosomeka −300. Namba mbili chanya zikizaa hasi, jumla imefurika, na mashine hulitambua kosa kwa dalili hiyohiyo.

Namba moja ya mpakani haina mwenzake chanya. Ukigeuza biti za −128, yaani 10000000, kisha ukaongeza 1, unarudi 10000000. Vivyo hivyo 500: hugeuka 499, na kwa kuongezwa 1 huwa 500 tena.